Nani apewe cheti? Hesabu vipindi, siku zitakudanganya

Fikiria mafunzo ya siku 5 ya utunzaji wa hesabu kwa makatibu na watunza fedha wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, ukumbi ukiwa Mbeya mjini. Washiriki ni 30: wengine wa kakao kutoka Kyela, wengine wa kahawa kutoka Mbozi, wengine wametoka Rungwe. Ijumaa jioni meza imejaa vyeti vilivyochapwa, mgeni rasmi amekaa, halafu mtu mmoja anauliza kwa sauti: "Huyu naye anapewa? Si alikuja Jumatatu jioni?" Ukumbi unanyamaza. Aliyeandaa mafunzo anafungua karatasi ya mahudhurio na kukuta sahihi ya Jumatatu ipo, kwa sababu karatasi ilikuwa moja kwa siku nzima na mtu aliisaini saa 9 alasiri.

Kosa lilianza siku nyingi kabla ya Ijumaa, pale karatasi ilipopangwa kwa siku. Sahihi moja kwa siku haitofautishi aliyekaa saa 6 na aliyekuja kunywa chai. Gawa siku kwa mapumziko yake yenyewe: kipindi cha kwanza saa 2:30 hadi 4:30 asubuhi, kisha chai; cha pili saa 5:00 hadi 7:00, kisha chakula; cha tatu saa 8:00 hadi 10:00. Kila kipindi kina saa 2. Siku 5 zinakupa vipindi 15, na kila kimoja kina uzito sawa na mwenzake. Ukigawa asubuhi na mchana tu, asubuhi inakuwa na saa 4 na mchana saa 2, na aliyekosa asubuhi 2 atahesabiwa sawa na aliyekosa mchana 2 ingawa amepoteza mara mbili ya masomo.

Sharti la cheti litangazwe Jumatatu kabla ya somo la kwanza, tena litajwe kwa idadi. Wengi hutangaza "asilimia 80" na kuridhika. Kwa vipindi 15 asilimia 80 ni vipindi 12, hesabu safi. Lakini Jumatano umeme unakatika, kipindi cha tatu hakifanyiki, vinabaki 14. Asilimia 80 ya 14 ni 11.2. Je, mwenye 11 amefaulu? Kwa asilimia ana 78.6, ameanguka, na kilichomwangusha ni umeme ambao si wake. Tangaza hivi: "Ukikosa vipindi zaidi ya 3, hupati cheti cha kuhitimu." Kipindi kilichofutwa na mwandaaji kisihesabiwe kwa yeyote, na ruhusa ya kukosa 3 ibaki palepale. Sharti la pili liwe la somo lenyewe: zoezi la kufunga hesabu za mwezi, Alhamisi kipindi cha tatu, ni lazima kwa kila mtu. Mtunza fedha ambaye hajalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kwa mkono wake hajahitimu mafunzo haya hata kama amekaa vipindi vingine vyote.

Sasa karatasi yenyewe. Usiwaachie washiriki waandike majina yao kila kipindi. Utapata Ambakisye leo, Ambakisya kesho, na "A. Mwakajila" keshokutwa, na ukumbini wapo akina Mwakajila wawili. Mpe kila mtu namba siku ya kwanza, 01 hadi 30, iandikwe kwenye kitambulisho cha kifuani, na karatasi ichapwe ikiwa na namba na majina tayari. Mshiriki anaweka sahihi tu kwenye mstari wake.

Karatasi iwekwe mlangoni dakika 10 kabla ya kipindi na iondolewe dakika 30 baada ya kuanza. Anayeingia ndani ya dakika hizo 30 anasaini na kuandika saa aliyoingia. Anayezidi amekosa kipindi hicho, ingawa anakaribishwa kukaa na kujifunza. Nusu saa inatosha kwa foleni ya malori ya barabara ya Tunduma inayowachelewesha wa Mbozi wanaolala nyumbani. Ukishaiondoa, piga mstari wa wino mwekundu kwenye kila nafasi iliyobaki tupu. Mstari huo unachukua dakika 1, na ndio unaozuia nafasi kujazwa jioni wakati karatasi imelala mezani bila mtu.

Katikati ya kipindi, msaidizi ahesabu vichwa na kuandika idadi chini ya karatasi. Sahihi zikiwa 29 na vichwa 28, kuna mtu amesainiwa au ametoka. Ita namba papo hapo, watu wakiwa wamekaa, umpate asiyekuwepo. Jambo hili lina muda wake. Ukigundua tofauti hiyo Ijumaa, huna tena namna ya kujua ni nani kati ya 29, na kumnyima mtu cheti kwa kumshuku tu ni dhuluma. Kipindi hicho kiache kama kilivyo.

Posho iwe na fomu yake, mbali kabisa na karatasi hii. Sahihi ya mahudhurio ikishakuwa ndiyo sahihi ya fedha, mshiriki atamwomba mwenzake amsainie, na msimamizi ataona huruma kupiga mstari mwekundu kwa sababu anajua anakata nauli ya mtu. Zikitenganishwa, kila mmoja anakuwa huru kuandika ukweli.

Kila jioni ingiza karatasi kwenye Excel. Mstari mmoja kwa mshiriki, safu D hadi R kwa vipindi 15. Herufi 5 zinatosha: H amehudhuria, K amekosa, R amekosa kwa ruhusa, F amefidia kipindi, X kipindi hakikufanyika. Kisha weka hesabu hizi katika mstari wa 2 na kuziburuta hadi chini:

```
S2: =COUNTIF(D2:R2,"H")+COUNTIF(D2:R2,"F")
T2: =COUNTIF(D2:R2,"K")+COUNTIF(D2:R2,"R")
U2: =COUNTIF(D2:R2,"X")
V2: =IF(S2+T2+U2<>15,"KAGUA",IF(T2<=3,"CHETI","BARUA"))
```

BARUA ni barua ya ushiriki, anayopewa asiyepata cheti. Neno KAGUA ndilo lenye kazi kubwa hapo. Excel haihesabu "K" iliyofuatwa na nafasi tupu, wala seli uliyoisahau. Bila jaribio la 15, mtu mwenye makosa hayo huonekana amekosa vipindi vichache kuliko kweli, na anapita. Kabla ya Ijumaa mchana kila mstari utasema KAGUA kwa kuwa vipindi havijaisha, usishtuke. Ukishaingiza cha mwisho, KAGUA yoyote iliyobaki ni kosa la uingizaji, rudi kwenye karatasi.

Asubuhi yake bandika ukutani orodha ya namba na vipindi vilivyokosekana, bila majina. Mwenye malalamiko alete kabla ya chai kwisha. Kosa la jana linakumbukwa na mwalimu na jirani wa kiti; la Jumatatu likiletwa Ijumaa linakuwa neno la mtu dhidi ya karatasi.

Tuwapitie washiriki 4, tukichukulia kipindi cha Jumatano mchana kimefutwa na vipindi halali ni 14.

Namba 07 ametoka Kyela alfajiri ya Jumatatu badala ya Jumapili, akakosa vipindi 2 vya kwanza. Ijumaa baada ya chakula akawahi gari la kurudi. Amekosa 3, amehudhuria 11, na zoezi la Alhamisi alilifanya. Anapata cheti. Wapo watakaonung'unika, lakini sharti lilisema 3.

Namba 14 amekosa kipindi 1 tu, ila ndicho hicho cha Alhamisi cha kufunga hesabu. Excel itamwandikia CHETI, maana haijui kipindi kipi ni kizito. Ndiyo maana orodha ya waliofanya zoezi iwe pembeni, uilinganishe kwa macho na safu V. Akilifanya zoezi Ijumaa mbele ya mwalimu na likasahihishwa, weka F na umpe. Asipolifanya, anapata barua.

Namba 11 alifiwa. Alikosa Jumanne yote na kipindi cha kwanza cha Jumatano, jumla R 4. Hapa ndipo moyo unapovutwa, na ndipo penye hitilafu nyingi: R inahesabiwa kama kukosa. Ruhusa inalinda heshima yake kwa mwajiri, haimfundishi alichokikosa. Haki yake ni kufidia. Weka kikomo cha vipindi 2 vya kufidia kwa kila mtu, kwa kazi inayosimamiwa na mwalimu baada ya saa 10. Namba 11 akifidia 1, zinabaki R 3 na F 1, naye anahitimu.

Namba 23 alikaa Jumatatu na Jumanne, kisha AMCOS yake ikamwita na kumleta mwenzake Jumatano, aliyeketi kiti kilekile na kusaini mstari uleule. Ukiiacha hivyo, "mshiriki" mmoja amekamilisha vipindi 14 ingawa hakuna mwanadamu aliyevikamilisha. Mbadala apewe namba mpya, 31, na K kwa vipindi 6 vya kabla yake. Wa kwanza ana vipindi 6, wa pili 8. Wote wawili wanapata barua ya ushiriki inayotaja saa walizokaa: 12 na 16.

Barua hiyo iandikwe kwa uzuri uleule wa cheti, kwenye karatasi yenye nembo, ili anayeipokea asijione amefukuzwa.

Kuhusu mgeni rasmi: vyeti husainiwa mapema, mara nyingi Alhamisi, kabla matokeo hayajajulikana. Hilo haliepukiki. Vipange kwenye bahasha kwa mfuatano wa namba, kila kimoja na namba yake ya usajili, na visitoke mpaka karatasi ya kipindi cha 15 imeondolewa mlangoni na kuingizwa. Ufungaji uanze saa 10:30 na si saa 8, la sivyo kipindi cha mwisho kimegeuka hotuba na hapo unapaswa kukiandika X. Visivyotolewa vichanwe mbele ya shahidi, na kwenye daftari la vyeti namba zake ziandikwe "kimefutwa" na tarehe. Saa za mafunzo zilizochapwa kwenye cheti ziwe 28. Kama mlishachapa 30 kabla umeme haujakatika, zirekebishwe na kuchapwa upya, kwa sababu saa hizo 2 hazikufundishwa kwa mtu yeyote.