Kabla hujamwaga mrututu kwenye josho la kwato

Nina ng'ombe sita wa maziwa hapa Wete, chotara wa Friziani. Masika iliyopita banda lilikuwa halikauki, na Zabibu akaanza kupungua maziwa. Nilimtazama kiwele nikaona kizuri, chakula anakula, basi nikaacha. Aliyenishtua ni bibi jirani aliyekuja kuchukua maziwa asubuhi. "Mwanangu, huyu ng'ombe mbona anasimama kwa ncha za kwato?" Kweli, mguu wa nyuma wa kulia kisigino hakikugusa sakafu.

Sisi huku ng'ombe tunamfunga kamba, akakaa pale pale siku nzima. Akiwa amesimama, kuchechemea kwa mwanzo hakuonekani. Mfungue, mtembeze kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, nawe umtazame kwa ubavu, macho yakiwa mgongoni. Alama ni 1 hadi 5. Mgongo ukiwa umenyooka akisimama na akitembea, ni 1. Umenyooka akisimama lakini unapinda akitembea, ni 2, na hii ndiyo inayotupita wengi. Ukipinda hali zote mbili na hatua zikawa fupi, ni 3. Akiwa anaukwepa mguu waziwazi ni 4, na akikataa kabisa kuukanyagia ni 5. Zabibu alikuwa 3 siku ile, kwa hiyo 2 ilishanipita.

Daktari wa mifugo aliufunga mguu kamba kwenye nguzo, akaosha tope. Juu ya kisigino, kwenye mfinyo baina ya vidole viwili, palikuwa na kidonda cha mviringo, upana wa vidole viwili vya mkono wangu, chekundu chenye chembechembe kama forsadi mbivu. Nywele za pembeni zilisimama, harufu ilikuwa kali, na alipokigusa kidogo tu damu ikatoka na ng'ombe akarusha teke. Akasema ni dijitali dematitisi, ugonjwa wa bakteria waitwao treponema, ambao hushamiri penye unyevu na samadi. Aliniuliza nimenunua ng'ombe lini. Nilikuwa nimeleta mtamba miezi mitatu kabla, sikumtazama miguu.

Hapa ndipo nilipokosea. Badala ya kufuatilia kidonda, niliona josho la miguu ndilo dawa. Nikajenga la saruji mlangoni, urefu mita 3, upana sentimita 60, nikajaza maji sentimita 10 na kumimina kilo moja ya mrututu. Maji yakawa ya buluu nzuri, nami nikaridhika. Baada ya wiki mbili Zabibu hajabadilika, na wa pili ameanza kupinda mgongo.

Piga hesabu pamoja nami: 3 mara 0.6 mara 0.1 ni mita za ujazo 0.18, yaani lita 180. Mrututu hutakiwa kama asilimia 5, ambayo ni kilo 9. Mimi nilitia sehemu moja tu katika tisa. Rangi haikwambii chochote. Pima kwa futi na mzani. Tena ng'ombe walikuwa wanaingia na samadi miguuni, na samadi huifunga shaba iliyomo kwenye mrututu isifanye kazi. Waoshe kwanza, maji yachuruzike, ndipo wapite.

Hata lingechanganywa sawasawa, josho lisingemponya Zabibu. Kazi yake ni kuzuia ngozi nzima isiambukizwe na kidonda cha zamani kisiamke. Kidonda kibichi hutibiwa mguu mmoja mmoja: osha, kausha kwa kitambaa, pulizia antibiotiki ya oksitetrasaiklini kama daktari alivyoagiza, na muulize habari ya maziwa kabla ya kuyauza. Tulivyofanya hivyo siku chache mfululizo, wekundu uligeuka kigaga cheusi kikavu, na wiki ya tatu akatembea mgongo umenyooka. Ngozi pale imebaki nene, na humo bakteria hujificha, kwa hiyo namtazama bado.

Kwa ng'ombe sita, kilo 9 kila ninapobadilisha maji ni gharama isiyo na maana. Josho hilo linamfaa mwenye kundi kubwa, ambaye hubadilisha maji baada ya ng'ombe 150 hadi 200 kupita. Mimi sasa naosha visigino vya nyuma kwa maji na brashi wakati wa kukamua, kila siku, na sakafu naikwangua asubuhi na jioni. Fomalini, ambayo wengine huitia joshoni badala ya mrututu, siitaki bandani. Inachoma macho na mapafu, na kwenye kidonda kibichi ni mateso.

Yale maji ya buluu nayo yalinipa kazi. Shaba huua samaki na kondoo huilewa upesi, na mtaro wangu unateremka mikokoni. Nimeyachota kwa ndoo, nikayachanganya kwenye rundo kubwa la samadi, na rundo hilo nalitawanya kidogo kidogo shambani, pahala tofauti kila mara, kwa sababu shaba ikishaingia ardhini haitoki.

Mtamba mpya aliyefuata nilimfunga peke yake, nikamwinua miguu yote minne na tochi mkononi kabla hajakanyaga banda.