Mkataba wa mpishi: hiyo "moja na nusu" ni ya nini?

Mwenye hoteli ndogo upande wa Paje aliniita nikasome mkataba ambao yeye na mpishi wake walikuwa wameshautia saini. Ulikuwa na kurasa mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Miezi minne walikuwa wakifanya kazi vizuri, kisha wakagombana juu ya malipo ya saa za ziada, na kila mmoja alikuwa na karatasi ya kumtetea.

Kiingereza kilisema kila saa ya ziada italipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Aliyefasiri akaandika: "Mpishi atalipwa saa moja na nusu ya ziada." Mpishi akaelewa, na mimi ningeelewa vivyo hivyo, kwamba kila siku ya kazi ana saa moja na nusu ya kulipwa, hata akitoka mapema.

Tukakaa na kalamu. Mshahara ulikuwa shilingi 624,000 kwa siku 26 za kazi, saa 8 kila siku, yaani saa 208. Saa moja ya kawaida ni shilingi 3,000, na saa ya ziada ni 4,500. Mwezi ule mpishi alikuwa amefanya saa 20 za ziada, zote zimeandikwa kwenye daftari la jikoni, kwa hiyo kwa Kiingereza alistahiki shilingi 90,000. Kwa Kiswahili alichotia saini, saa moja na nusu kwa siku 26 ni saa 39, na kwa 3,000 kila moja anadai 117,000. Hakuna aliyekuwa mwongo pale.

Kwa hiyo mimi nikifasiri kifungu hicho naandika hivi: "Kila saa ya ziada italipwa kwa kiwango cha saa moja ya kawaida kikizidishwa kwa 1.5." Halafu naongeza sentensi ambayo wengi huiacha: saa ya kawaida inapatikanaje. Mshahara uleule ukigawanywa kwa siku 30 za saa 8, saa ya kawaida inashuka hadi 2,600, ya ziada inakuwa 3,900, na zile saa 20 zinakuwa 78,000. Mpishi amepoteza shilingi 12,000 bila mtu kubadilisha neno lolote. Kigawanyo kiandikwe.

Na saa zenyewe zifasiriwe kama tunavyozisema. Zamu ya 14:00 hadi 22:00 ni saa 8 mchana hadi saa 4 usiku. Nimeona mkataba ulioandika "saa 2 hadi saa 10", na mpishi mgeni wa kazi akaja jikoni asubuhi.

Neno la pili la kuchunga ni "majaribio". Jikoni majaribio ni ile siku moja au mbili unapikishwa ili uonekane mkono wako, mara nyingi bila malipo. Ukiandika "miezi mitatu ya majaribio", kuna mpishi atakayedhani hatalipwa, na kuna mwajiri atakayefurahi adhani hivyo. Mimi naandika "kipindi cha matazamio", na hapohapo naeleza kwamba mshahara unalipwa tangu siku ya kwanza, kipindi kinaisha tarehe gani, na mpishi atahesabiwa nani ikiwa tarehe hiyo itapita bila barua yoyote. Kimya hakifasiriki.

Kwa kuachana, epuka "taarifa" peke yake, kwa sababu hata salamu kwenye simu ni taarifa. Na usiandike "onyo", nimeliona, maana onyo ni la kosa, na anayeondoka kwa hiari hakukosa. Sema "notisi ya maandishi ya kusitisha mkataba, siku 30, kuanzia kesho yake baada ya kupokewa". Barua ikipokewa tarehe 12 Machi, siku ya mwisho ni 11 Aprili. Palipo na malipo badala ya notisi, taja kwamba pande zote mbili zinahusika, ikiwa maandishi ya asili yanasema hivyo. Mara nyingi Kiswahili hubakisha wajibu wa mpishi tu.

Angalia pia sheria iliyotajwa mwishoni. Mikataba mingi hunakiliwa kutoka Bara ikataja Sheria Namba 6 ya 2004, ilhali Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Na iandikwe ni lugha ipi itafuatwa maandishi yakitofautiana. Mkataba wa Paje haukuwa na kifungu hicho.

Mwajiri alilipa ile 117,000, tukaandika upya vifungu vitatu. Safari hii, kabla ya saini, nilimwambia mpishi, "Kaka, nieleze wewe utalipwaje ukibaki saa mbili baada ya zamu." Akahesabu: 9,000. Mwajiri akahesabu kwa lugha yake, naye akapata 9,000.