Maswali na Majibu: Kidonge cha Hedhi Kinataka Kuwahiwa

"Nikishazidiwa na maumivu nameza ibuprofeni mbili, hazinisaidii. Nichome sindano?"

Hapana, dada. Unachelewa kumeza, na nusu ya barua ninazopokea zina kosa hilihili.

Hedhi inapokaribia, ukuta wa ndani wa mji wa mimba hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoukamua mji wa mimba mpaka mishipa yake ya damu inabanwa, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Kichefuchefu na kuharisha siku ya kwanza ni kazi yake pia. Ibuprofeni huzuia zisitengenezwe. Zile zilizokwisha kutengenezwa haiziondoi, kwa hiyo ukisubiri mpaka ujikunje kitandani unakuwa umeziacha zijae kwanza.

Meza miligramu 400, yaani vidonge viwili vya 200, mara uonapo tone la kwanza au tumbo linapoanza kuvuta. Kula kitu kwanza. Rudia kila baada ya saa nane kwa siku mbili au tatu za mwanzo, hata kama saa hiyo huumwi. Jaribu hivyo kwa miezi mitatu ndipo useme dawa imeshindwa. Ikishindwa kweli, au maumivu yakiwa yanazidi mwaka hadi mwaka, au yanakuja hata nje ya hedhi na wakati wa tendo la ndoa, usiongeze dozi. Kamwone daktari wa magonjwa ya wanawake, maana huenda kuna ugonjwa nyuma yake.

Sindano ya diklofenaki ni ndugu wa ibuprofeni. Kuipitishia matakoni hakulindi tumbo, kwa sababu madhara yake hufika huko kwa njia ya damu.

"Nikichanganya ibuprofeni na diklofenaki si nitapona haraka?"

Hapana! Ni familia moja: unazidisha hatari ya vidonda na kuumiza figo bila kupata nafuu ya maana. Ukitaka kuongeza, ongeza panadoli.

"Nina vidonda vya tumbo, nifanyeje?"

Kaa mbali na familia hiyo nzima. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu inayochochewa na aspirini, na anayehisi ana mimba. Panadoli ni dhaifu kwa maumivu haya lakini ni salama kwako ukifuata dozi. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kanga, uilaze chini ya kitovu. Joto linasaidia kweli.

"Nipe jina la kidonge cha kukata hedhi, nina harusi Jumamosi."

Hakuna dawa ya namna hiyo kati ya hizi. Kuahirisha hedhi ni kazi ya homoni, na huanzwa siku kadhaa kabla, baada ya kuonana na mtaalamu.

"Natumia traneksamiki, dawa ya kupunguza damu ya hedhi, mwaka wa pili. Damu imepungua kiasi lakini nachoka sana. Niendelee?"

Usiendelee kabla hujapimwa.

Damu ikiganda, nyuzi za fibrini huziba vishipa vilivyofunguka. Mwili nao una kimeng'enya cha kuziyeyusha nyuzi hizo. Asidi ya traneksamiki hukizuia, na kizibo kinadumu. Haitulizi maumivu, haipangi mzunguko, haipunguzi faibroidi. Humezwa miligramu 1,000, mara tatu kwa siku, siku za damu nyingi tu, zisizidi nne. Ikifanya kazi vizuri hupunguza damu kwa karibu nusu. Ibuprofeni hupunguza kidogo zaidi ya robo.

Sasa piga hesabu. Alinijia fundi cherehani wa miaka 38. Kabla ya dawa alikuwa akiloanisha pedi kumi kwa siku. Kwa dawa zikawa sita, akafurahi. Lakini sita zilizolowa, kwa siku tano, bado ni damu nyingi. Nilimfunua kope la chini, lilikuwa jeupe kama karatasi. Kipimo cha wingi wa damu kilitoa 7.8, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afikishe 12. Ultrasaundi ikaonyesha faibroidi iliyochomoza ndani ya mji wa mimba. Traneksamiki haikuwa na la kuifanya, na madini ya chuma aliyopoteza hairudishi. Alianzishiwa vidonge vya chuma, akapangiwa kuondolewa uvimbe.

Nawe kapime wingi wa damu na ultrasaundi, na kipimo cha mimba kwanza. Nimeona damu ya mimba inayoharibika ikitibiwa kama hedhi.

"Mguu mmoja umevimba na unauma tangu nianze traneksamiki. Nimeze diklofenaki?"

Usimeze chochote. Acha traneksamiki sasa hivi na uende hospitali leo, usiku usikukute nyumbani. Huenda damu imeganda kwenye mshipa wa mguu. Mweleze daktari kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, na kama uliwahi kugandisha damu. Ukianza kubanwa kifua au kukosa pumzi njiani, sema hapohapo mapokezi.