Bondi ya kuponi 12% na soko liko 15%: mbona 93,150 na si 80,000

Swali: "Jamani wadau, nna bondi ya laki moja, kuponi 12%, inalipa mara moja kwa mwaka, juzi tu nimepokea riba na imebaki miaka 3 kamili. Sasa riba ya soko imepanda iko 15%. Broka ananambia nikiuza leo ni kama 93,150. Rafiki yangu asema 91,000. Mimi nikipiga 12 gawanya kwa 15 napata 80,000. Nani mkweli? Na je niuze au nikae nayo?"

Broka wako yuko sawa kabisa ndugu yangu. Mie hununua hizi bondi za mkono wa pili NSE nikiwa hapa hapa Mombasa, na kila nikiletewa moja ambayo kuponi yake iko chini ya soko nafanya kwanza hesabu hii kabla sijajibu bei.

Angalia pengo tu. Bondi yako inatoa 12,000 kwa mwaka, na mtu mwenye laki yake leo anaweza kupata inayotoa 15,000, kwa hivyo anayenunua yako anapungukiwa na 3,000 kila mwaka kwa miaka 3 na lazima umfidie kwenye bei, la sivyo hainunui. Rafiki yako hapo alipatia, akachukua 3,000 mara 3 akatoa 9,000. Alipokosea ni kwamba hizo 3,000 hazipotei zote leo. Ya kwanza inapotea mwaka ujao, na kuifidia leo yatosha 2,609, maana 2,609 ukiiweka kwa 15% mwakani ni 3,000. Ya mwaka wa pili unagawanya kwa 1.15 mara mbili, inakuwa 2,268. Ya tatu mara tatu, 1,973. Jumlisha upate 6,850, toa kwenye laki, ndio hiyo 93,150 ya broka.

Ukitaka kuhakikisha, fungua Excel hata ya kwenye simu uandike:

```
=PV(15%,3,-12000,-100000)
```

Itakupa 93,150.32. Zile alama za kutoa usiziache, ukizisahau jibu latoka hasi.

Sasa hiyo 12 gawanya kwa 15 yako. Hiyo ni bei ya bondi isiyokwisha milele, yani mnunuzi anapunjika 3,000 kila mwaka hadi mwisho wa dunia. Yako inakwisha, na siku ya mwisho serikali au kampuni inamlipa laki nzima, si 80,000. Ndio maana miaka iliyobaki ni muhimu sana kuliko watu wanavyodhani: bondi hiyo hiyo, 12% kwa 15%, ingekuwa imebaki miaka 15 bei ingeshuka mpaka kama 82,458. Kwa hiyo mtu akikuuliza "bondi ya 12% sasa hivi ni bei gani" bila kukwambia imebaki miaka mingapi, huna cha kumjibu.

Kuhusu kuuza, hapa ndipo naona wengi wanaumia bure. Wanasema "nikikaa nayo nitapata laki yangu kamili, sitapoteza ile 6,850." Lakini ukikaa nayo unaipoteza vilevile, ila kidogo kidogo, kwa kupokea 12,000 pale ambapo wenzako wanapokea 15,000. Chukua hiyo 93,150 uiweke kwa 15% na kila riba ikiingia uirudishe humo humo, baada ya miaka 3 ni kama 141,670. Kaa na bondi yako, kila kuponi ya 12,000 uiweke nayo kwa 15%, mwisho ni 141,670 hiyo hiyo. Hasara ilishaingia siku riba ilipopanda, kwa hivyo usiuze kwa kuogopa na usikae nayo kwa kujifariji. Kama hela huihitaji sasa, kamisheni ya broka yatosha kuwa sababu ya kukaa nayo. Kama una shida nayo, uza kwa 93,150 bila kinyongo. Kodi sijaiweka humu.

Jambo moja tu la kuangalia: bondi za serikali yetu hulipa kila miezi 6, si mara moja kwa mwaka. Kama yako ni ya hivyo, kuponi inakuwa 6,000, riba 7.5%, vipindi 6, na bei inashuka kidogo iwe kama 92,959. Na hizi bei zote ni za siku ambayo kuponi imeshalipwa kama wewe ulivyo. Ukiuza katikati, mnunuzi anakulipa juu ya bei ile riba ya siku ulizokaa nayo, kwa hivyo muulize broka kama bei anayokupa imeshaihesabu au bado.