Kodi na mshahara kwa mtengeneza video wa Lamu

"Disemba hoteli hunilipa vizuri, Mei karibu patupu. Nijilipe ngapi? Na ile 5% wanayokata, si ndiyo kodi yote?"

Dada, jilipe shilingi 35,000 kila mwezi, Disemba na Mei sawasawa, na kodi bado haijaisha. Nasema hivi kwa kuwa huwajazia watu ritani za kodi hapa Shela. Ni kweli unakatwa 5%, lakini hiyo ni malipo ya awali tu. Hesabu kamili hufungwa kufikia Juni 30.

Tuseme mwaka mzima umeingiza 720,000 na gharama za kazi ni 120,000, yaani bando, nauli za boti na mhariri. Kwa 600,000 zilizobaki, kodi baada ya kuondoa nafuu ya kodi ni kama 88,600. Umeshakatwa 36,000, hivyo unadaiwa 52,600. Kwa hiyo kila malipo yakiingia, toa 8 kwa kila 100 uweke pembeni siku hiyo hiyo. Ukijilipa 35,000, mwisho wa mwaka zitabaki kama 91,000 za dharura, yaani za kujilipa miezi miwili na nusu. Msimu ukifika ndipo ujaze akiba hiyo. Kamera mpya ingoje.

Angalia mambo mawili. Gharama isiyo na risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti wa KRA, yaweza kukataliwa, na nahodha wengi hawaitoi. Pia ingia iTax, tovuti ya kodi ya KRA, uone cheti cha makato ya ile 5%. Hoteli ikikukata bila kuwasilisha pesa hizo KRA, cheti hakitaonekana, nawe utadaiwa tena. Wafuatilie mapema, maana Mei ofisi nyingine hufungwa.