Pesa ya mama niliyomtumia mchumba wa mtandaoni

SWALI: Asalaam aleykum Sheikh. Mimi ni binti wa Tandahimba. Nina mchumba wa mtandaoni, ni Mzungu aliyesilimu, amepata ajali Uturuki. Nimemtumia 350,000 za kwangu, na 1,800,000 za korosho za mama alizoniwekesha kwenye simu. Zote nilizituma kwenye namba ya simu ya hapa Tanzania, ya mtu anayemwita wakala wake aliyeko Dar es Salaam. Sasa anataka 2,400,000 za upasuaji. Ustadhi mmoja kaniambia nilichotoa ni sadaka, ninyamaze, kumshitaki ni kumvunjia sitara Muislamu. Nifanyeje?

JIBU: Waaleykum salaam, mwanangu. Usitume hata shilingi moja. Umeandika kwamba pesa zilikwenda kwenye namba ya simu ya hapa hapa Tanzania, kwa jina la mtu anayeitwa wakala wake. Hospitali ya Uturuki haikusanyi malipo yake kwa laini ya simu ya mtu wa Dar es Salaam. Itafute namba ya hospitali hiyo mwenyewe, usipokee ya kwake, upige uulize kama mgonjwa huyo yupo. Ukimwambia utapiga, utaona atakavyokasirika. Qur'ani inatuamrisha kuchunguza habari ya fasiki (Hujurat: 6), na huyu hata hujawahi kumwona uso kwa uso.

Maneno ya ustadhi huyo yamenisikitisha sana. Kweli ipo hadithi, katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyempa mwizi sadaka bila kujua, na nia yake ikakubaliwa. Basi kwa zile 350,000 nina matumaini nia yako haikupotea kwa Mola. Lakini malipo ya nia hayamhalalishii tapeli alichokula, na haki yako ya kudai iko palepale. Wala mtu hatoi sadaka mali ya mama yake bila idhini yake! Ile 1,800,000 ilikuwa amana. Umeitoa, basi dhamana yake ni juu yako, na ni deni shingoni mwako.

Ama sitara, hiyo ni ya mja aliyeteleza katika dhambi iliyo baina yake na Mola wake. Aliyedhulumiwa ameruhusiwa kuusema ubaya aliotendewa (Nisaa: 148). Ukinyamaza, kesho laini ileile itapokea pesa za binti wa Newala. Nenda polisi na jumbe zote na miamala yote, usifute kitu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu huyu. Mtoa huduma wa laini naye apewe taarifa leo, kwani pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Na akija mtu kukuambia atakurejeshea zote ukimlipa ada kwanza, jua huyo ni tapeli wa pili, mara nyingi ndiye yuleyule.

Najua lililo zito kwako ni kumtazama mama machoni. Mwambie kabla hajazihitaji hizo pesa. Usimwambie zimeibwa kwenye simu, maana huo ni uongo juu ya amana. Nenda na shangazi yako, muandike deni lote na utakacholipa kila msimu wa korosho. Akikusamehe sehemu, ipokee, na iliyobaki uilipe.