Ukisoma protini za SNARE, anza na pepopunda

Hapa Upanga huwa nawasaidia wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza, na wengi hunijia na daftari lililojaa mishale: klathrini hapa, dainamini pale, sintaksini chini. Ukimuuliza mmoja, "Mshale huu ukikatika, mgonjwa atakuwaje?" anakutazama tu. Ushauri wangu ni huu: uweke mchoro pembeni, chukua sumu mbili, ya pepopunda na ya botulini aina B, uzifuatilie safari yake.

Zote mbili hukata protini ileile, sinaptobrevini, tena mahali palepale, kati ya asidi amino ya 76 na ya 77. Hilo limejulikana tangu 1992. Sinaptobrevini hukaa kwenye kifuko kilichobeba kemikali ya neva. Sintaksini na SNAP-25 ziko kwenye utando wa seli. Hizo tatu ndizo protini za SNARE: zikikutana zinajifunga kama zipu, zinavuta tando mbili hadi ziungane, na kemikali inamwagika nje. Sinaptobrevini ikikatwa, kifuko kinafika utandoni na kuishia hapo.

Sasa, kama mkato ni mmoja, mbona wa botulini analegea hadi kope zinaanguka, na wa pepopunda anakaza taya na kupinda mgongo?

Tofauti iko njiani. Botulini hudandia vifuko vinavyorudishwa ndani ya ncha ya neva baada ya kumwaga mzigo wao, kazi ambayo klathrini, protini inayokunja utando kuwa kifuko, inashiriki. Pampu za kifuko zikishatia tindikali ndani yake, sumu hubadilika umbo na kipande chake kinachokata hupenya utando kuingia kwenye saitoplazimu. Yote hayo hufanyika palepale kwenye msuli: asetilikolini haitoki, msuli unalegea.

Pepopunda nayo huvutwa ndani kwa msaada wa klathrini, ila hupakiwa kwenye vifuko visivyo na tindikali. Bila tindikali haiwezi kupenya, kwa hiyo inapandishwa ikiwa imefungiwa hadi uti wa mgongo. Huko inatoka na kuingia neva jirani, zile za kutuliza zinazomwaga glisini na GABA. Humo ndimo inapokutana na tindikali na kukata. Neva ya msuli ikikosa wa kuituliza, inafyatua mfululizo. (Hapa ndipo wanafunzi huacha kuandika wakaanza kubishana, na ndipo ninapopapenda.)

Ukielewa hivyo, hutashangaa wodini ukiona mgonjwa amepewa kingamwili za pepopunda na bado anakakamaa kwa wiki kadhaa. Kingamwili hukamata sumu iliyo nje ya neva tu. Iliyokwisha kuingia haziifikii.

Na mtihani ukikuletea picha ya hadubini ya elektroni ya neva isiyomwaga kemikali, angalia wingi wa vifuko kwanza. Vikiwa vimejazana karibu na utando, shaka SNARE. Vikiwa vimekwisha, na utando una vishimo vilivyokwama nusu, rudi kwa klathrini na kwa dainamini, ile inayokata shingo ya kishimo kiwe kifuko.